Msaada wa barua: mteja amekataa jumla ya ankara, nataka nimpelekee steitimenti mpya

Karani wa Chikongola
Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi. Tulimpelekea mkandarasi mmoja mzigo Mangaka mwezi wa tatu, saruji mifuko 300 na nondo za milimita 12 mia moja, ankara ikatoka ya 8,850,000. Jamaa alilipa milioni 3 halafu kimya, juzi tumemtumia steitimenti inayosema anadaiwa 5,850,000 kawaka, anasema hesabu yake yeye mzigo wote ni 7,160,000 na hatoi hata mia mpaka apate maelezo kwa maandishi. Bosi kanitupia mimi niandike. Naomba mfano wa barua ya kiungwana inayoeleza na kuambatanisha steitimenti iliyorekebishwa. Ni barua tu wakuu, hesabu naijua.

Mmakera wa Newala
Mkandarasi na deni ni kama mbuzi na kamba, usipomfunga anakwenda. Mpelekee barua ya wakili siku saba. Mimi kuna mmoja alinizungusha na tofali mpaka nikaenda kulala kibarazani kwake, akalipa asubuhi kabla ya chai.

Karani wa Chikongola
Hajakataa kulipa mkuu, amekataa jumla.

Mama Salfa
Pole mwanangu. Mimi nilikuwa nauzia wakulima salfa ya korosho kwa mkopo hapa Tandahimba, yaani ugomvi wote ulikuwa kwenye mifuko iliyorudi. Mtu amechukua kumi amerudisha miwili, kwenye daftari langu imeandikwa kumi. Msimu ukifika kila mtu ana namba yake. Angalia hapo kwanza, kuna mzigo ulirudi?

Mzee wa Leja
Mama kagusa penyewe. Kijana, 8,850,000 kutoa 7,160,000 ni 1,690,000. Hiyo haiwezi kuwa mifuko peke yake. Bei mliyokubaliana ilikuwa shilingi ngapi, na kwenye kotesheni mliandika nini kuhusu VAT? Bila hilo hakuna barua ya kukuandikia.

Karani wa Chikongola
Saruji 17,000 kufika saiti, nondo 24,000. Ndio kuna mifuko 20 ilirudi, mvua ilinyesha njiani baada ya Ndanda na turubai lilikuwa na tundu, fundi mkuu akaandika kwenye hati ya kupokelea mzigo "280 mizima, 20 imelowa" akasaini. Kotesheni ipo, sikuiandika mimi.

Mzee wa Leja
Sijauliza nani aliiandika. Inasema nini?

Karani wa Chikongola
Inasema bei ni pamoja na VAT.

Dogo wa Shangani
😂😂😂 na kwenye ankara mkaongeza tena 18%. Jamaa ana haki ya kuwaka.

Mzee wa Leja
Basi twende taratibu. Saruji 300 kwa 17,000 ni 5,100,000, nondo 100 kwa 24,000 ni 2,400,000, jumla 7,500,000 na VAT imo humo humo. Aliyetengeneza ankara akapiga 18% juu yake, 1,350,000, ndiyo ikazaa 8,850,000. Ukiiondoa, ukatoa na mifuko 20, mteja yuko sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Barua yako si ya kumwelewesha yeye, ni ya kukubali kwa maandishi na kumwonyesha mmefikaje.

Fundi Ekseli
Mnamzungusha bure huyu dada/kaka. Fungua ankara ya zamani kwenye kompyuta, badilisha namba, printi, mpe, mwambie achane ile. Kila duka linafanya hivyo. Saruji iliyorudi kwenye ankara ilikaa 20,060 ukiweka na VAT, mara 20 ni 401,200, jumlisha 1,350,000, toa. Kazi ya dakika tano.

Mzee wa Leja
Dakika tano na makosa mawili. La kwanza la hesabu. Ukishaondoa VAT ya juu kwa mzigo wote, ile mifuko 20 nayo imeshaondolewa VAT yake, kwa hiyo inarudi kwa 17,000, ni 340,000. Wewe ukirudisha kwa 20,060 umetoa 61,200 mara mbili. Njia ya kujihakiki ni kuanza upya na alichobaki nacho: mifuko 280 ni 4,760,000, weka nondo 2,400,000, unapata 7,160,000. Njia zote mbili zisipokutana usitume kitu.

La pili ni hiyo kuchana. Ankara ikishatoka na risiti ya EFD ikishatoka, imeshakuwa sehemu ya rekodi zenu na zake. Kama amesajiliwa VAT huenda keshadai kodi kwa ile ya zamani. Huwezi kuwa na karatasi mbili zenye namba moja na jumla tofauti, siku ya ukaguzi ndiyo utajua hujui. Kinachotakiwa ni krediti noti yenye namba yake na tarehe ya leo, inayotaja ankara ya zamani na sababu.

Fundi Ekseli
Sawa mzee ila ankara mpya si dhambi, nimeona makampuni makubwa wanatoa.

Mzee wa Leja
Wanatoa, lakini kwanza wanaifuta yote ya zamani kwa krediti noti ya 8,850,000, ndipo inakuja mpya yenye namba mpya. Hapo uko nusu ya njia.

Mpita Njia wa Mingoyo
Jamani mimi naona mnaliwa muda. Mifuko 300 kamili, nondo 100 kamili, VAT 18%, mifuko 20 inarudi, hii ni asaimenti ya chuo. Hesabu zinagawanyika vizuri mno. Af nani Mtwara ananunua saruji 17,000 wakati kiwanda cha Dangote kipo hapo hapo? Dogo nenda kafanye homuweki.

Dogo wa Shangani
Ata mimi nilishtuka. "Fundi mkuu akaandika 280 mizima" fundi gani anaandika vizuri hivyo 😂

Mmakera wa Newala
Kwa hiyo mimi nimetoa siri ya kibarazani kwa ajili ya mtihani?

Karani wa Chikongola
17,000 ni kufika Mangaka siyo kuchukulia kiwandani, piga na gari la mizigo uone. Na kama ni mtihani mwalimu gani angeweka hili: mkandarasi anasema alimpa dereva laki tano keshi kule kule saiti, hana risiti, dereva anasema alipewa hela ya chakula tu. Na lingine ambalo sikutaka kulisema. Nshamtumia ankara mpya kwa wasap. Namba ile ile tarehe ile ile, nikamwambia ile ya zamani aichane. Jumla nimeweka 7,098,800. Alijibu fasta "asante sana ndugu yangu" na tangu hapo mpole.

Dogo wa Shangani
Lazima awe mpole, umempa chini ya alichoomba mwenyewe 😂😂

Mama Salfa
Mwanangu, bosi anajua?

Karani wa Chikongola
Bosi anajua kuna barua inaandikwa. Na mimi naona 61,200 siyo hela ya kugombana na mteja mkubwa, tuiache hivyo hivyo, barua iseme 7,098,800 tuendelee na maisha. Nilikuwa napunguza presha tu.

Mpita Njia wa Mingoyo
Asaimenti imenoga.

Mzee wa Leja
Hata ikiwa mtihani jibu ni lile lile. Kumsamehe mteja 61,200 ni ruksa, ila anayesamehe ni bosi, na inaandikwa kama punguzo kwa jina lake, siyo inajificha ndani ya hesabu isiyofika popote. Barua yako sasa ina kazi ya tatu, kuiondoa hiyo karatasi ya wasap. Usipoitaja atakuja nayo.

Kwenye krediti noti kuna mtego mmoja. Jumla ni 1,690,000, ila usiandike kwamba VAT inayopungua ni 1,350,000. Mauzo halisi ya 7,160,000 yana VAT ndani yake, unagawa kwa 118 unazidisha kwa 18, inakuja 1,092,203. Ankara ilionyesha 1,350,000. Kwa hiyo VAT inayopungua ni 257,797 tu, na 1,432,203 iliyobaki ni bei. Ritani ya mwezi wa tatu mlishapeleka mwezi wa nne, hili mnarekebisha kwenye ritani ya mwezi wa krediti noti, na nakala ya risiti ya EFD ibanwe nyuma yake. Yeye naye akidai kodi apunguze hiyo hiyo 257,797.

Barua fupi, ukurasa mmoja:

> YAH: ANKARA NA. 0147 NA TAARIFA YA HESABU ILIYOREKEBISHWA
>
> Tumepokea malalamiko yako kuhusu jumla ya ankara tajwa, tumeyapitia pamoja na kotesheni na hati ya kupokelea mzigo.
>
> Bei za kotesheni zilikuwa pamoja na VAT, lakini ankara iliongeza VAT 1,350,000 juu yake. Pia ilitoza mifuko 20 ya saruji iliyorudishwa ikiwa imelowa, 340,000. Tunaambatanisha krediti noti na. 0012 ya 1,690,000. Thamani sahihi ya mzigo ni 7,160,000.
>
> Nakala iliyotumwa kwako kwa simu ikionyesha 7,098,800 haikuidhinishwa na isitumike. Ankara ya awali ibaki kwenye kumbukumbu zako pamoja na krediti noti hii.
>
> Taarifa ya hesabu:
> 3 Machi, ankara 0147: 8,850,000. Salio 8,850,000
> 10 Machi, malipo yako: 3,000,000. Salio 5,850,000
> 14 Mei, krediti noti 0012: 1,690,000. Salio 4,160,000
>
> Kuhusu 500,000 unayosema ulimkabidhi dereva, hatujaiingiza kwa kuwa hatuna kumbukumbu ya kuipokea. Tunaifuatilia, nawe tunakuomba utuletee uthibitisho wowote ulio nao. Wakati huo tunaomba ulipe kiasi kisichobishaniwa, 3,660,000.

Tarehe za malipo na namba ya krediti noti weka zako. Asaini bosi.

Mama Salfa
Hapo kwa dereva mzee umesema vizuri, hujamwita mtu mwizi.

Fundi Ekseli
Mimi hiyo aya ya nakala ya simu ningeiacha. Unajianika.

Karani wa Chikongola
Ndio, hata mimi naona hiyo aya ingetoka. Si lazima "haikuidhinishwa", ningesema "ilitumwa kwa maelezo tu".

Mzee wa Leja
Ilikuwa na namba ya ankara na muhuri?

Karani wa Chikongola
Muhuri upo.

Mzee wa Leja
Basi aya inabaki.

Karani wa Chikongola
Wakuu mrejesho. Bosi kasoma, kasaini, aya kaiacha, 61,200 kakataa kusamehe. Barua imekwenda na basi la Masasi pamoja na krediti noti. Mteja kapiga simu, 3,660,000 analipa Ijumaa, ila laki tano anasema dereva alihesabu mbele ya fundi. Fundi sasa hivi yupo saiti nyingine Tunduru, hapatikani hewani.

Mmakera wa Newala
Nipe namba ya nyumba ya dereva.