Barua ya shukrani kwa familia iliyonipokea Kanazawa: ipi kati ya tafsiri hizi tatu?

Mwanafunzi_Moro

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimerejea Morogoro wiki iliyopita baada ya muhula mmoja wa masomo mjini Kanazawa, ambako nilikaa nyumbani kwa mume na mke wa Kijapani wenye umri wa wazazi wangu. Ningependa barua yangu ya shukrani iwafikie mapema, nayo nimeiandika kwanza kwa Kiswahili:

"Wapendwa Baba na Mama, nawashukuru sana kwa kunipokea kama mtoto wenu. Mama, asante kwa kunitengenezea bento kila asubuhi. Baba, asante kwa kunifundisha Kijapani kila jioni. Wazazi wangu wanawashukuru pia. Karibuni sana Tanzania. Mungu awabariki."

Inayonitatiza zaidi ni sentensi ya bento. Nimeiandika kwa namna tatu, na sijui ipi inafaa kwa watu walionilea lakini si ndugu zangu:

A. お母さん、毎朝お弁当を作ってくれて、ありがとう。
B. お母さん、毎朝お弁当を作ってくださって、ありがとうございました。
C. お母様には毎朝お弁当をお作りいただき、心より御礼申し上げます。

Bandarini

Chukua C bila kusita. Hao ni wakubwa zako, na heshima kwa mkubwa haizidi kipimo. Tena "kudasatte" ya B na "itadaki" ya C zina maana ileile ya kutendewa wema, kwa hiyo hata ukiichukua B unaweza kubadilisha moja kwa nyingine upendavyo.

Fundi_Nagoya

Naunga mkono C kwa ushahidi wangu mwenyewe. Nilipomaliza mafunzo ya ufundi katika kiwanda kimoja huko Nagoya, niliandika barua yenye "itadaki" na "onrei mōshiagemasu" kila mahali, na msimamizi wetu aliisifu mbele ya wenzangu. Ukiwaandikia ofisi inayokufadhili, usishuke chini ya hapo.

Mfasiri_Tanga

Ndugu Fundi, barua yako ilikwenda kiwandani, na huko C ilikuwa mahali pake. Huyu kijana hamwandikii mfadhili. Anamwandikia mama aliyekuwa akimfungia chakula alfajiri. Mama huyo akiisoma C atahisi amepokea barua ya kampuni, na atajiuliza kama mtoto huyu alikuwa akijiona mgeni muda wote. Katika Kijapani heshima ikizidi huwaweka watu mbali, na wenyewe wanalo neno la kulalamikia umbali huo kati ya watu wa karibu: 水くさい, "mizukusai".

Mwanangu, mimi ningechukua B. "Kudasatte" inampandisha mama kwa kuwa yeye ndiye aliyetenda wema, na "gozaimashita" iko katika wakati uliopita kwa sababu ukaaji wako umekamilika. Lakini hapa Bandarini amepatia nusu tu. Ni kweli kwamba "kudasatte" na "itadaite" zinakaribiana kwa maana, ila huwezi kuibadilisha moja ukaiacha sentensi ilivyo. Kwa "kudasaru" mtendaji wa sentensi ni mama, naye hufuatwa na が. Kwa "itadaku" mhusika wa sentensi ni wewe unayepokea, hivyo mama hufuatwa na に. Ukiandika お母さんがお弁当を作っていただいて, utakuwa umesema kwamba mama ndiye aliyepikiwa. Kosa hili nimelikuta mara nyingi katika barua za wanafunzi, na ni rahisi kuligundua: tafuta kitenzi cha mwisho, kisha rudi nyuma utazame kiunganishi kilichoandamana na jina la mtu.

Binti_Sapporo

Mimi nilikaa na familia Sapporo kwa mwaka mzima, na barua yangu yote ilikuwa ya "kurete" kama A. Tulikuwa tukizungumza hivyo mezani kila siku. Nadhani ningeandika B, mama yule angesikitika kwamba nimebadilika mara tu nilipopanda ndege.

Mwanafunzi_Moro

Nashukuru sana, Mwalimu. Mezani nasi tulizungumza kwa adabu, kwa "desu" na "masu", kwa hiyo naona B haitawashtua. Yamebaki mawili. Katika barua hiyohiyo nitawatofautishaje wazazi wa Kanazawa na wazazi wangu wa kunizaa? Na "Mungu awabariki" niitafsiri vipi?

Mfasiri_Tanga

La kwanza lina njia nyepesi. Unapomtajia mtu wa nje wazazi wako, unasema 父 na 母, bila "o" ya mwanzo wala "san" ya mwisho. Wale wa Kanazawa wabaki お父さん na お母さん, kama ulivyozoea kuwaita. Msomaji atajua mara moja ni nani anayetajwa, na wakati huohuo utakuwa umewashusha wa kwenu na kuwapandisha wa kwao, kama adabu ya barua inavyotaka. Usitumie あなた popote, hata pale Kiswahili kinaposema "wewe" au "ninyi". Waite kwa majina hayo ya kizazi.

Kuhusu dua, ukiandika 神 waziwazi, familia nyingi za Kijapani zitaona umeingiza mambo ya dini yako. Ipo kauli iliyozoeleka mwishoni mwa barua: 皆様のご健康をお祈りしています, yaani nawaombea afya njema nyote. Kitenzi chake ni kilekile cha kusali, kwa hiyo nia yako haipotei.

Ningeongeza mambo mawili ambayo hayamo katika Kiswahili chako. Barua ianze na 大変お世話になりました, yaani mlinitunza sana, kwa sababu bila kauli hiyo shukrani ya mtu aliyelelewa huonekana haijaanza. Kisha utaje usumbufu uliowaletea.

Bandarini

Nakubali kuhusu が na に, nimejifunza. Lakini usumbufu gani? Kijana hakuvunja kitu wala kugombana na mtu. Kuomba radhi bila kosa si kujidhalilisha?

Mfasiri_Tanga

Hakiri kosa, ndugu yangu. Anaonyesha kwamba anafahamu kuwa mama aliamka mapema na baba aliacha mapumziko yake kwa ajili yake. Nasi mgeni anapoaga husema "nimewasumbua sana", na hakuna anayemuuliza amesumbua nini.

Mwanafunzi_Moro

Nimeiandika upya yote. Sentensi ya baba nimeijaribu kwa "itadaku" makusudi, ili に ionekane:

お父さん、お母さん
金沢では大変お世話になりました。
お母さん、毎朝お弁当を作ってくださって、ありがとうございました。お父さんには、毎晩日本語を教えていただきました。
いろいろとご迷惑をおかけしましたが、本当の家族のように接してくださったことは、決して忘れません。
タンザニアの父と母も、心から感謝しております。ぜひ一度、タンザニアへ遊びにいらしてください。
皆様のご健康をお祈りしています。

Mfasiri_Tanga

Iko sawa, itume. Umefanya vizuri kuandika 本当の家族のように, "kama familia halisi", badala ya "kama mtoto wenu", maana inamhusisha kila aliyekuwamo nyumbani. "Orimasu" kwa wazazi wako imekaa vizuri pia, kwa kuwa ni kitenzi cha kujishusha. Iandike kwa mkono hata kama mwandiko wako wa kanji si mzuri, na kwenye bahasha andika jina la baba likifuatwa na 様, si "san".

Binti_Sapporo

Barua ni nzuri, lakini bado nasimama kwenye "kurete" kwa sentensi ya mama peke yake. Katika kauli zote hizi, hiyo ndiyo anayoisikia kwa watoto wake.

Mfasiri_Tanga

Kwa barua ya pili, dada, baada ya wao kumjibu, huenda hata mimi ningemruhusu.