Fundi saa kanipa karatasi ya vipimo, nakubali afungue au napigwa?

Kidotu: Wakuu, nina Seiko 5 ya mtumba, mashine 7S26. Fundi kaiweka kwenye kile kipimo kinachosikiliza saa, kikatoa karatasi: `+6 s/d  178°  2.8 ms`. Anadai mafuta yamekauka, lazima afungue yote. Sekunde sita kwa siku ndiyo ugonjwa?

Mzee wa Pugu: Unapigwa. Seiko wenyewe kwa mashine hiyo wanaruhusu -20 hadi +40. Chukua saa yako uondoke.

Dada Mkali: Simu haina saa? Hela hiyo kalipe ada ya mtoto.

Kinyonga: Mzee, umepatia nusu. Hiyo +6 inapatikana kwa kusogeza kijimkono kimoja tu, hata saa mahututi utailazimisha iende sawa. Tazama 178, ndiyo digrii ambazo gurudumu linabembea. 7S26 ambayo springi yake imejaa, imelazwa uso juu, mimi nategemea 230 kwenda juu. 2.8 maana yake tiki na taki hazilingani. Nataka chini ya 1, na hiyo inarekebishwa bila kubomoa saa. Kidotu, uliivaa kabla ya kupimwa?

Kidotu: Niliitikisa kidogo pale dukani.

Kinyonga: Na kabla ya hapo?

Kidotu: Ilikuwa kwenye droo tangu Ramadhani. Lakini fundi mwenyewe ni mtu mzima, anajua kazi.

Kinyonga: Sasa hilo ndilo ungeanza nalo! 7S26 haijazwi kwa kuzungusha kitufe, inajazwa na mkono wako ukiivaa. Springi ilikuwa karibu tupu, kwa hiyo 178 haithibitishi mafuta. Vaa siku nzima, ipimwe tena. Ikibaki hapo, fundi yuko sahihi.

Mangi wa Saa Sita: Casio yangu ni betri tu, sijui fundi anafananaje.

Jicho la Tai: Andika karatasi yote, hata ile mistari ya juu.

Kidotu: `28800  LIFT 52`.

Jicho la Tai: Chai hii! 7S26 inapiga mara 21600 kila saa moja. Mtunzi kanakili namba za saa nyingine.

Kidotu: Sijatunga mkuu, ndivyo ilivyoandikwa.

Kinyonga: Huenda hadanganyi. Ukikilazimisha kipimo kisome 28800 kwa saa ya 21600, nukta zinatawanyika, hupati +6 safi. Basi ama karatasi ni ya saa ya mteja mwingine, ama ndani hamna 7S26. Geuza saa, fungua mfuniko, soma namba kwenye mashine.

Kidotu: Ninayo wapi? Ipo kwake, na nusu ya hela nimeshampa. Siwezi kwenda kumwambia mtu mzima kachanganya karatasi.

Dada Mkali: Hela umetoa, ushauri wa nini tena?

Kinyonga: Mwambie aipime tena ukiwa umesimama hapo. Ukiona 21600 juu, tuendelee.

Jicho la Tai: Kalipa kwanza, kauliza baadaye, saa haipo, picha hakuna. Nabaki na chai yangu.