Kuteremka kutoka Kalinzi hadi Mwandiga na mzigo: fri, gia ya juu na breki, au gia nzito na ekzosi?

MwenyeFuso_Kalinzi

Habari za jioni wanajukwaa. Nina Fuso ya dizeli yenye gia za mkono, ambayo hushusha ndizi na maharage kutoka Kalinzi kwenda Kigoma mjini kwa barabara ya Manyovu, na ikishapakiwa uzito wake wote hufikia tani kumi hivi. Dereva wangu ni kijana mwangalifu, lakini tunatofautiana juu ya jambo moja. Kila afikapo kwenye mteremko mrefu yeye hutoa gia, huacha gari lishuke likiwa fri, na huzuia mwendo kwa breki za mguu peke yake. Hoja yake ni kwamba injini ikiwa sailensa inakula mafuta kidogo sana, ilhali gia nzito inaifanya ingurume na kumaliza tangi.

Naomba mnilinganishie njia tatu kwa upande wa mafuta: fri na breki za mguu, gia ya juu na breki za mguu, na gia nzito pamoja na breki ya ekzosi. Usalama nitausikiliza pia, lakini yeye hatashawishika mpaka aone hesabu ya dizeli.

Abiria_Hadi_Kasulu

Dereva wako yuko sahihi, mzee wangu. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika haiwezi kula kidogo kuliko ile inayozunguka mara 600. Nimeendesha kosta miaka mingi, na pale barabara inaposhuka kidogo kidogo, ukitoa gia gari linaserereka mbali bila wewe kukanyaga chochote. Ukibaki kwenye gia, linapunguza mwendo na unalazimika kuongeza mafuta. Hilo ni jambo ambalo kila dereva amelishuhudia kwa macho yake.

FundiPampu_Ujiji

Ndugu Abiria, umesema mambo mawili, na moja tu ndilo la kweli. Nianze na lile lisilo la kweli, kwa sababu ndilo linalomponza kijana wa mzee.

Mlio wa injini hauonyeshi kiasi cha mafuta kinachoingia. Katika injini ya dizeli, ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kabisa kwenye mafuta, huku magurudumu yakiizungusha injini kwa kasi iliyozidi sailensa, gavana ya pampu huvuta reki mpaka mahali ambapo nozeli hazinyunyizi kitu. Hivyo ndivyo hata pampu za zamani zisizo na kompyuta zilivyotengenezwa, na kwenye injini mpya kompyuta hufanya kazi hiyohiyo. Ngurumo unayoisikia ni ya hewa inayobanwa ndani ya silinda kwa nguvu ya mteremko, si ya dizeli inayoungua. Iwe mizunguko ni 1,500 au 2,300, mafuta yanayoingia ni sifuri, kwa hiyo gia nzito haiwezi kuligharimu gari kuliko gia ya juu mahali ambapo zote mbili zimekata mafuta.

Ukitoa gia, magurudumu hayaizungushi tena injini, na ili isizime ni lazima inyweshwe dizeli. Kukanyaga klachi muda wote wa mteremko ni sawa na kutoa gia. Injini ya ukubwa huo ikiwa sailensa hutumia kama lita moja na nusu kwa saa. Ikiwa sehemu za mteremko zinachukua nusu saa kwa jumla, kijana ametumia robo tatu ya lita ili kuokoa mafuta ambayo hayakuwa yakitumika.

Gia ya juu ina kasoro nyingine ndogo. Mizunguko ikishuka hadi kukaribia sailensa, pampu huanza tena kunyunyiza ili injini isife. Anayeshuka taratibu na gia ya tano, huku anashikilia breki, anaweza kuwa anainywesha injini mafuta bila kujua.

Boksa_Mwandiga

Mimi naendesha bodaboda, na huwa nazima kabisa injini nikitoka juu, kisha naiwasha tena nikifika bondeni. Je, hesabu hiyo inanihusu?

FundiPampu_Ujiji

Kwa pikipiki yako yenye kabureta hesabu inabadilika, kijana wangu, kwa sababu kabureta haina namna ya kukata mafuta. Injini ikizungushwa na gurudumu huku umefunga mafuta, bado inavuta petroli kupitia jeti ya sailensa, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyozidi kuivuta. Kwa hiyo ni kweli kwamba kuzima kunaokoa matone kadhaa. Hata hivyo, ukizima kwa swichi huku gia imeingia, petroli inayovutwa inapita bila kuungua na inaweza kulipuka kwenye bomba la moshi. Gari lisijaribu jambo hilo hata kidogo: likizimwa, usukani wa pawa unakuwa mzito, na kompresa ya upepo inasimama.

MamaNoah_Katubuka

Samahani, mimi nilidhani mnazungumzia kupanda, kwa sababu ndiko mafuta yangu yanakoishia. Nina Noah ya otomatiki. Nikipanda kwenda Manyovu nikiwa na familia, gari linabadilisha gia kila mara, na sindano ya mafuta inashuka nikiwa naitazama. Je, nikiweka L nitapunguza ulaji?

FundiPampu_Ujiji

Dada, kupanda kuna gharama ambayo hakuna gia itakayoiondoa. Chukua Fuso ya mzee kwa mfano, na tuseme inapandishwa mita 700 kwenda juu ikiwa na tani zake kumi. Kuuinua uzito huo peke yake kunahitaji nishati ya megajuli 69 hivi. Lita moja ya dizeli inabeba kama megajuli 36, lakini injini inageuza theluthi moja tu kuwa kazi, kwa hiyo zinahitajika takriban lita tano na nusu hadi sita, kabla hujahesabu msuguano wa matairi na upepo.

Gia inachoweza kufanya ni kuizuia injini isizidiwe. Kwenye Noah yako zima overdraivu mpaka taa ya O/D OFF iwake, na gari litaacha kuhangaika kati ya gia mbili. L iache kwa mwinuko mkali sana, maana katika mwinuko wa kawaida inazungusha injini kuliko inavyohitajika, na wakati wa kupanda, tofauti na kushuka, kila mzunguko unalipiwa. Unaposhuka tumia O/D OFF au 2, wala usiweke N. Noah ina injini ya sindano, kwa hiyo nayo inakata petroli ukiondoa mguu.

Dereva_Mstaafu_Malori

Nimewasoma kwa utulivu. Hesabu ya fundi siipingi, ila naona mnagombania robo tatu ya lita na kuziacha fedha zenyewe.

Zile megajuli 69 ambazo gari lilipewa wakati wa kupanda hazipotei. Likishuka ni lazima zitoke mahali fulani. Matairi na upepo huchukua sehemu, na sehemu kubwa inayobaki ama itatoka kupitia injini, ekzosi na rejeta, ama itaingia kwenye dramu za breki. Ili mwelewe ukubwa wake, joto hilo lote lingetosha kuchemsha pipa la maji la lita 200. Kijana wa mzee anayeshuka fri anaupeleka mzigo huo karibu wote kwenye dramu nne. Dramu ikipata joto inatanuka na kuikimbia breki shuu, na laining ikizidi kuungua hupoteza mkwaruzo wake. Dalili huja kwa mpangilio unaojulikana: kwanza harufu ya kuungua, kisha mguu unahitaji nguvu zaidi kwa mwendo uleule, kisha pedali inaingia ndani kuliko kawaida. Ukifika hatua hiyo ukiwa fri, huna tena njia ya kurudi, kwa sababu gari limeshika kasi ambayo gia nzito haiwezi kuipokea.

Kwa hiyo gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Desturi yetu ilikuwa kushuka na gia ileile ambayo gari lenye mzigo lingepandia mahali hapo, au moja chini yake. Kisha ekzosi inawashwa, mguu unaondoka kwenye mafuta, na macho yanabaki kwenye kishale cha mizunguko. Tahadhari hapa ni kwamba gavana hukata mafuta tu. Haina uwezo wa kuzuia magurudumu yasiizungushe injini kupita kiasi, na kishale kikiingia kwenye eneo jekundu vali zinaweza kugonga pistoni. Kikikaribia huko, breki ya mguu inakanyagwa kwa uthabiti mpaka mwendo ushuke, tuseme kutoka 40 hadi 30, kisha inaachiwa kabisa ili dramu zipate kupumua. Kuishikilia kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakozikaanga.

Abiria_Hadi_Kasulu

Nakubali kuhusu miteremko mikali. Lakini bado hamjajibu kuhusu ile miepesi, hasa barabara inapoanza kutulia kabla ya Mwandiga.

FundiPampu_Ujiji

Hilo ndilo la kweli nililosema unalo, ndugu yangu. Kipimo chake ni rahisi. Ukiwa gia ya juu, ondoa mguu kwenye mafuta. Mwendo ukipanda au ukibaki ulipo, mteremko unatosha kuizungusha injini, na gia haikugharimu chochote. Mwendo ukipungua mpaka ulazimike kukanyaga tena, basi kwa dizeli peke yake fri ingeweza kukufikisha mbali zaidi kwa kiasi hichohicho.

Dereva_Mstaafu_Malori

Mimi hapo sikubaliani na fundi, au niseme nakubaliana naye karakana tu. Sehemu hiyo ina watembea kwa miguu na baiskeli zenye mizigo, na gari la tani kumi lisilo na gia linachelewa kukutii. Isitoshe, fri ya mteremko mwepesi huzoesha mkono, na mkono uliozoea haubagui miteremko.

FundiPampu_Ujiji

Sikusema afanye hivyo, mzee. Nilijibu swali la dizeli.

MwenyeFuso_Kalinzi

Nimewashukuru nyote. Dereva amesoma, na anasema ana ushahidi wake: tangu aanze kutumia fri, gari linarudi na mafuta mengi tangini. Jambo lingine ni kwamba amejaribu kuwasha ekzosi na anadai hakuna tofauti anayoihisi.

FundiPampu_Ujiji

Ushahidi huo nausadiki nusu, kwa kuwa mzigo wa ndizi haulingani kila safari, na anayejali mafuta hupunguza pia mwendo kwenye tambarare, jambo ambalo linaokoa kuliko fri. Ajaze tangi mpaka shingoni kwenye kituo kilekile kabla na baada ya safari, mzigo ukiwa umepimwa, mara kadhaa kwa kila njia. Hata hivyo, tofauti ya chini ya lita moja inaweza kumezwa na ujazaji wenyewe.

Kuhusu ekzosi, kwanza ahakikishe mguu haugusi mafuta wala klachi, maana swichi za pedali hizo huizima mara moja, na ajue kwamba kwenye mizunguko ya chini nguvu yake ni ndogo. Kama yote hayo yako sawa na bado haishiki, mtu mmoja awashe swichi ndani huku mwingine anatazama mkono wa vali kwenye bomba la moshi. Usipocheza kabisa, kuna hitilafu ya umeme au upepo haufiki. Ukicheza nusu nusu, vali imeganda kwa masizi, na hiyo inafunguliwa na kusafishwa kwa asubuhi moja.