Kutoa sura moja kwenye tasnifu: kukopi au kufuta?

Mwanafunzi_Uzamili: Msimamizi anataka Sura ya 3 peke yake, faili la Word. Nikiikopi kwenye faili jipya, vichwa vinabadilika rangi na 3.1 inakuwa 1.1. Nyie mnafanyaje?

Karani: Ukishapesti chagua *Keep Source Formatting*. Kwisha kazi.

Mhariri_wa_Usiku: Hapo utaokoa mwonekano tu. Namba itaanzia 1 hata hivyo, kwa sababu Word huhesabu vichwa vilivyomo kwenye faili, na sura mbili za mwanzo hazimo. Mimi sikopi, nafuta. *Save As* kwa jina jipya, halafu ondoa kila kilicho kabla na baada ya sura hiyo. Staili zinabaki zilivyo maana faili ni lilelile. Kisha bofya kulia kwenye namba ya kichwa cha sura, *Set Numbering Value*, weka 3. Vichwa vya 3.1 na 3.2 vitafuata vyenyewe, mradi vimeunganishwa kwenye orodha moja ya ngazi.

Bwana_Zabuni: Kufuta kuna hatari yake. Kuna mtu ofisini kwetu alifuta kurasa za bei huku *Track Changes* imewashwa. Kwake hazikuonekana, aliyepokea akazisoma zote. Izime kwanza, na ukague mabadiliko ya zamani.

Mama_Pili: Si u-print tu kurasa hizo kwenda PDF?

Mwanafunzi_Uzamili: Anaandika maoni humohumo, dada. Nimefuta, 3 imekubali. Ila palipokuwa na "tazama Jedwali 2.4" sasa pana *Error! Reference source not found.*

Mhariri_wa_Usiku: Jedwali lenyewe umelifuta, rejeo halina pa kushika. Rudia kwa nakala nyingine. Kabla ya kufuta chochote, chagua sura nzima, bonyeza Ctrl+Shift+F9, marejeo yawe maandishi ya kawaida. "Jedwali 3.1" nayo itaganda hapohapo. Tanbihi zishughulikie mbali, hazimo kwenye uteuzi huo, na zitaanza upya kuhesabiwa kutoka 1.

Zotero_Kila_Siku: Simameni hapo! Ctrl+Shift+F9 inaua pia viungo vya manukuu yaliyowekwa kwa Zotero. Akirudisha sura kwenye tasnifu, manukuu hayo hayatajisasisha tena, na kwenye orodha ya marejeo hayatahesabika. Bora avumilie makosa mawili matatu ya rejeo.

Mhariri_wa_Usiku: Nakala ni ya kusomwa. Marekebisho anayafanya kwenye faili mama.

Zotero_Kila_Siku: Msimamizi wako labda. Wangu anaandika upya aya nzima, kisha anataka faili lake ndilo liendelee. Kwa huyo hakuna kugandisha sura nzima: kabla ya kufuta, chagua marejeo yatakayokatika tu, moja moja, ndiyo uyagandishe.

Karani: Na sura ikiwa na marejeo arobaini ya majedwali ya nje?