Gesi, mkaa au umeme: ipi nafuu kwa familia ya watu sita? (ulinganisho)

Kibwana_Moro
Wakuu habarini. Naomba mnisaidie kulinganisha bei: gesi mtungi wa kilo 6, gesi wa kilo 15, mkaa wa gunia, na umeme wa LUKU. Tuko sita nyumbani, tunapika mara tatu kwa siku, maharage mara nyingi. Ipi nafuu? Nataka kuamua kabla mwezi haujaisha.

Chapchap
Mtungi wa kilo 15, hakuna mjadala. Kubwa siku zote ni nafuu kuliko dogo.

Mama Zawadi
Kaka Kibwana, bei zenyewe ziko wapi? Umetuomba tulinganishe bei na hujaweka hata moja. Mkaa wa Kilosa si mkaa wa Dar, na hata gesi ya duka la mtaani si sawa na ya kwa wakala.

Kibwana_Moro
Nilidhani bei zinajulikana. Mnaweza kunipa makadirio tu?

Mzani
Bei ya umeme ndiyo inayojulikana, maana tarifu ya TANESCO ni moja nchi nzima. Mkaa na gesi kila mtaa una bei yake. EWURA hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, gesi ya mtungi haimo. Nikikutajia bei ya huku kwangu nitakupotosha, ila uwiano naweza kukupa, nawe ukatafuta bei mbili tatu hapo mtaani.

Kilo moja ya gesi ina joto kama mara moja na nusu ya kilo ya mkaa. Juu ya hapo, jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu ya joto lake kwenye sufuria, wakati jiko la mkaa la kawaida hufikisha kama robo hivi au pungufu, lingine lote linapotea pembeni. Ukiyaweka pamoja, kilo 1 ya gesi hupika takribani sawa na kilo 4 za mkaa. Kwa umeme wa pleti ya kawaida, kilo 1 ya gesi ni kama uniti 10.

Kwa hiyo chukua bei ya kilo moja ya gesi ugawe kwa 4. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ambayo kilo ya mkaa inapaswa kufika. Ikizidi hapo, gesi ndiyo nafuu. Kisha bei ileile ya kilo ya gesi igawe kwa 10, upate bei ya juu ya uniti moja ya umeme.

Bahari_Likoni
Huku kwetu Mombasa mitungi ni ya kilo 6 na 13, hatuna 15. Na bei zetu ni za Kenya, kwa hiyo hesabu yenu hainifai mimi. Mnipe ya shilingi za Kenya.

Mzani
Inakufaa vilevile, ndugu. Hapo sijataja shilingi ya nchi yoyote. Gawa bei ya mtungi wako kwa 13, kisha kwa 4, ulinganishe na kilo ya makaa ya Likoni.

Mama Zawadi
Na bei ya gesi inayotakiwa hapo ni ya *kujaza*. Ukiuliza dukani "mtungi wa kilo 6 bei gani?" wengine watakutajia bei ya mtungi mpya na jiko lake juu. Hiyo unalipa mara moja, usiichanganye na matumizi ya kila mwezi.

Kibwana_Moro
Nimetoka kuuliza. Kujaza kilo 6 ni 24,000. Kujaza kilo 15 ni 57,000. Gunia la mkaa 65,000. Umeme sijui, nanunua tu LUKU.

Chapchap
Nilisema mimi! 15.

Mzani
Kwa bei hizo Chapchap yuko sawa: 24,000 kwa 6 ni 4,000 kwa kilo, na 57,000 kwa 15 ni 3,800. Lakini "siku zote" sikubali. Mtungi wa 15 ukipanda hadi 60,000, tofauti inaisha kabisa. Gawa kila unapobadilisha duka.

Kibwana, tuseme ubaki na mtungi mdogo, 4,000 kwa kilo. Kilo ya mkaa isizidi 1,000. Umesema gunia ni 65,000, lakini hujasema lina kilo ngapi. Likiwa na zaidi ya kilo 65, mkaa ni nafuu. Likipungua hapo, gesi.

Kibwana_Moro
Gunia ni gunia, mkuu. Limejaa, lina kilemba juu.

Mkaanga_Chapati
Gunia si kipimo kabisa. Niliwahi kuuza mkaa. Kuna gunia lenye kilemba kirefu na kuna lililofungwa mdomo tu, yote huitwa gunia. Mkaa wa mti mgumu ni mzito, wa mwembe ni mwepesi. Chini huwa na chenga ambazo haziwaki vizuri jikoni. Na wako wanaomwagia maji ili lipime zaidi. Ukipima, pasua kipande kimoja uone ndani: kama kina unyevunyevu, hizo kilo zako nyingine ni maji.

Mama Zawadi
Na gesi nayo ipimwe. Mtungi umegongwa uzito wake mtupu karibu na shingo, herufi TW. Toa huo kwenye uzito wa mtungi uliojazwa, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia. Wakala asiye na mizani namhama.

Fundi_Jiko
Mzani, hiyo 4 yako ni ya jiko la bati la kawaida. Jiko banifu la udongo lililo zima linaokoa mkaa sana. Kwa uzoefu wangu ni 2.5 hadi 3.

Mzani
Nakubali, na inabadilisha jibu. Tukichukua 2.6, mpaka wa kilo ya mkaa unakuwa kama 1,540, na gunia lako la 65,000 litakuwa nafuu likiwa na kilo 43 tu. Kwa hiyo Kibwana, jiko lako ni lipi?

Kibwana_Moro
La bati. Limetoboka chini.

Fundi_Jiko
Basi hata 4 ni ya huruma.

Shemeji_wa_Msamvu
Mbona umeme mmeuacha? Mimi nina presha kuka ya umeme. Nusu kilo ya maharage haifiki uniti moja.

Mzani
Kwa gesi ya 4,000, mpaka wa pleti ni shilingi 400 kwa uniti. Tarifu ya kawaida ya nyumbani iko kwenye 356, kwa hiyo pleti inaishinda gesi kidogo tu. Presha kuka inaishinda mbali, hasa kwa maharage, kwa sababu imefunikwa na haivujishi joto. Kibwana, angalia risiti yako ya LUKU: gawa pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata. Kama uko kwenye tarifu ndogo, kumbuka inaishia uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi zinatozwa bei ya juu. Kupika kwa watu sita kutakuvusha haraka.

Mama Zawadi
Ugali wa watu sita kwenye presha kuka sikushauri. Maharage ndiyo, makande ndiyo. Ugali unataka moto wa kusongea na sufuria ya kushikilia.

Shemeji_wa_Msamvu
Mimi nausonga humohumo.

Mama Zawadi
Wa wangapi?

Kibwana_Moro
Risiti imeonyesha 356 kwa uniti. Kesho napeleka gunia kwa jirani mwenye mizani ya nafaka, nitaleta kilo hapa. Presha kuka bei gani?

Mkaanga_Chapati
Ya lita ngapi?