Naomba ushauri: ufanisi wa juu wa Aloha yenye vipande vya muda

Wakuu, naomba msaada. Katika Aloha ya kawaida, itifaki ambayo vituo hushiriki njia moja ya mawasiliano na kila kimoja hutuma kinapotaka, fremu hugongana na nyingine yoyote inayoanza ndani ya muda wa fremu mbili, hivyo S = Ge^(-2G), ambapo G ni wastani wa fremu zinazotumwa kwa muda wa fremu moja na S ni wastani wa zinazofika salama. Nikitafuta kilele, 1 - 2G = 0, G = 0.5, S = 1/(2e), yaani 18.4%. Hapo sina shaka.

Kwenye vipande vya muda, muda wa hatari ya kugongana hupungua hadi wa fremu moja: S = Ge^(-G), kilele G = 1, 36.8%. Lakini nikihesabu vituo 10, kila kimoja kikituma kwa uwezekano 0.1, napata 10 × 0.1 × 0.9^9 = 0.387! Je, 36.8% ni ukomo wa vituo vingi mno tu? Kwa mtandao mdogo nitumie ipi?