Dumu la njano kwenye kona ya picha ya Jiwe la Bismarck: nikate upande upi?

Picha_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nina picha ya machweo niliyopiga ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, Mwanza. Juu kulia kuna Jiwe la Bismarck, chini kushoto kuna mvuvi kwenye mtumbwi anapiga kasia kuelekea kulia, na katikati yao njia ya mwanga wa jua juu ya maji. Tatizo ni kona ya chini kulia. Kuna jiwe dogo karibu na kamera, na juu yake dumu la njano. Kila ninayemwonyesha picha anaona dumu kwanza.

Faili ni pikseli 6000 kwa 4000. Nikipima kutoka kushoto, mtumbwi unaanzia 1650 na kuishia 2350, Bismarck iko kati ya 4150 na 5000, dumu na jiwe lake vinaanzia 5400 hadi ukingoni. Nikipima kutoka juu, kilele cha Bismarck kiko 900, upeo wa ziwa 1500, dumu linaanzia 2900. Chini ya mtumbwi ni 2800, na taswira yake majini inaishia 3150.

Nimejaribu kukropu kwa njia tatu:
A: kukata kulia peke yake, ibaki 5333 kwa 4000.
B: kukata chini peke yake, kwenye 2880, ibaki picha pana.
C: kukata pande zote ili ibaki 3:2, yaani 4250 kwa 2833.

Zote zinaondoa dumu, lakini hakuna inayotulia machoni. Mteja anataka kuitundika mapokezi ya nyumba yake ya wageni na ameshanunua fremu ya sentimita 40 kwa 60. Mngechagua ipi?

Dogo_Igoma
C bila kufikiri, kaka. Washa gridi ya theluthi, mtumbwi ukae kwenye makutano ya chini kushoto, Bismarck kwenye makutano ya juu kulia, kazi imeisha.

Salma_Pasiansi
Ukikropu sana ubora unashuka, picha inakuwa na chengachenga. Mimi ningeacha saizi ileile halafu nipunguze tu uzito wa faili.

Picha_Kirumba
Dada Salma, uzito wa faili si shida yangu. Shida ni dumu, na jinsi picha inavyolemea upande mmoja dumu likishatoka.

Mzee_Shata
Nimeisoma mara mbili na nimechora vipimo vyako kwenye karatasi. Nianze na Dogo. Ushauri wake ni mzuri kwa picha yenye kitu kimoja, lakini hapa hauwezekani. Umbali kati ya makutano mawili ya gridi ni theluthi moja ya upana wa picha. Katikati ya mtumbwi ni 2000 na katikati ya Bismarck ni 4575, tofauti ni 2575. Ili vyote viwili vikae kwenye makutano, picha ingehitaji upana wa 7725, nawe una 6000 hata kabla ya kugusa mkasi. Ukilazimisha mmoja, mwingine unasukumwa nje. Kwa hiyo hapa zima gridi, tupime nafasi zilizozunguka vitu.

Dumu linakera, lakini lilikuwa na uzito, na uzito huo ulikuwa kulia. Mtumbwini abiria mmoja akishuka, waliobaki lazima wasogee. Angalia A: umekata kulia, Bismarck imebakiwa na pikseli 333 kutoka ukingoni, huku nyuma ya mtumbwi ukiacha 1650 za maji matupu. Kushoto pana mara tano kuliko kulia. Jicho linalifuata jiwe, linagonga ukingo, halirudi. Umeondoa dumu ukaifanya Bismarck yenyewe iwe kitu kinachokera pembeni.

B inaiachia Bismarck hewa yake yote ya kulia, ndiyo maana ilikuvutia. Lakini mtumbwi unaishia 2800 nawe umekata 2880. Taswira yake majini imekatwa, na mvuvi anaonekana amekaa juu ya ukingo wa fremu badala ya kuelea. Hiyo huwezi kuirekebisha kwa kusogeza popote, kwa sababu dumu linaanza 2900 na taswira inaishia 3150. Vimepishana. Chini hapakatiki.

Basi kata kulia, halafu *lipia upande wa kushoto*. Kulia weka 5350, kushoto 1100. Nyuma ya mtumbwi inabaki 550, kulia kwa Bismarck 350. Hazilingani na hazihitaji kulingana: mvuvi anakwenda kulia, kwa hiyo nafasi kubwa iwe mbele yake, nayo unayo, 1800 nzima mpaka kwenye jiwe.

Dogo_Igoma
Shikamoo Mzee Shata. Hilo la 7725 sikuwahi kulipigia hesabu. Lakini si ni C ileile? Upana 4250.

Mzee_Shata
Marahaba. Upana ni uleule, urefu ndio unaoiponza C. Ukishikilia 3:2 unapata 2833 tu kwenda chini. Kilele kiko 900 na taswira ya mtumbwi inaishia 3150, hivyo 2250 zimeshachukuliwa na vitu vyenyewe. Unabaki na 583 za kugawa juu na chini. Ukimpa jiwe mbingu, mvuvi anakosa maji. Picha ilikuwa na utulivu, sasa imebanwa.

Fungua kufuli la uwiano, nenda 5:4. Upana 4250 unakupa urefu 3400. Anzia 250 kutoka juu, ishie 3650. Juu ya Bismarck kuna 650, chini ya taswira kuna 500. Mshazari kutoka kwa mvuvi kwenda juu ya jiwe unabaki wazi, na huo ndio unaoibeba picha hii.

Jambo moja kabla ya yote: nyoosha upeo wa ziwa kwanza. Kwenye upana wa 6000, nyuzi 1 tu ya mwinamo ni takribani pikseli 100 za tofauti kati ya kushoto na kulia. Ukinyoosha mwishoni, programu inakula kingo zako na zile 350 za Bismarck zinapungua bila wewe kujua.

Neema_Ilemela
Mimi ningeacha picha nzima na kulifuta dumu. Nafanya kazi ya habari, na huko kanuni ni kali: hata World Press Photo wanakubali kukropu kunakotoa vitu vya pembeni, lakini hawakubali kufuta kitu kilichomo ndani ya picha. Lakini hii inakwenda ukutani kwa mteja, haiendi gazetini. Kwa nini upoteze karibu asilimia 40 ya picha wakati dumu liko juu ya maji tu?

Mzee_Shata
Neema, sikatai. Ila siyo dumu peke yake, ni pamoja na jiwe lake, eneo la pikseli 600 kwa 1100. Mawimbi ya karibu na kamera ni makubwa, ya mbali ni madogo. Ukichukua maji ya juu ukayabandika pale chini, unapata viwimbi vidogo mbele ya viwimbi vikubwa, na mtu atahisi kuna kitu hata asipojua ni nini. Achukue maji ya kimo kilekile, kushoto kwa dumu, na akumbuke njia ya jua inafifia kadiri unavyokwenda kulia. Inawezekana. Kwa picha ya ukutani ya sentimita 60 ambayo watu wataisogelea wakisubiri chumba, mimi nisingethubutu.

Neema_Ilemela
Ningethubutu. Maji yana subira na mkono wa polepole. Ila sawa, tumetofautiana.

Bahati_Nyamagana
Je, akigeuza nyeusi na nyeupe? Rangi ndiyo inayovuta.

Neema_Ilemela
Nimejaribu kwenye picha zangu za Mwaloni zenye madumu kama hayo. Njano ikigeuzwa inakuwa kijivu chepesi sana, na kwenye maji meusi ya jioni inang'aa zaidi. Ukishusha `Yellow` kwenye mchanganyiko wa nyeusi na nyeupe dumu linazama, lakini mbingu ya machweo nayo ni njano, inazama nalo.

Bi_Sweya
Samahani nichomekee langu. Picha ya harusi ufukweni, mgeni mmoja kashika simu ukingoni kushoto. Nilimkata, ukabaki mkono wake na simu. Nikasogeza tena, nikamkata bwana harusi kwenye kiwiko. Sasa anaonekana kama mkono umekatika.

Mzee_Shata
Bi Sweya, usikate kwenye kiungo: kiwiko, kifundo, goti. Kata katikati ya mkono wa juu, ionekane umekusudia. Na kama bwana harusi anamtazama bibi kulia, unaweza kumbana kushoto bila kuumiza picha. Akiwa anatazama kushoto, usimbane hata kidogo, ni afadhali uifute ile simu.

Fundi_Chapa
Naongea upande wa kuchapa. Upana wa 4250 ukienda sentimita 50 unapata kama nukta 216 kwa inchi. Ukutani, mtu akisimama mita moja, hiyo ni safi. Ukiivuta kufika 60 unashuka hadi 180, nayo bado inakubalika kwenye kanvasi.

Tatizo ni fremu ya mteja. Picha ya 5:4 kwenye fremu ya 40 kwa 60 inaacha sentimita 5 kila upande na sifuri juu na chini. Inaonekana kama imeingizwa kimakosa. Mwombe abadilishe achukue fremu ya 50 kwa 60. Picha ya 40 kwa 50 ndani yake inaacha paspatu ya sentimita 5 pande zote nne, sawasawa kabisa.

Picha_Kirumba
Nimeikropu sasa hivi kwenye Lightroom Classic kama Mzee Shata alivyosema: `R`, nikafungua kufuli, nikanyoosha upeo, nikaingiza vipimo. Halafu nikabonyeza `L` mara mbili, kila kitu pembeni kikawa cheusi, ikabaki picha peke yake. Bismarck haigongi tena. Ila nahisi 550 nyuma ya mvuvi ni finyu, kama ndiyo kwanza anaingia kwenye fremu.

Mzee_Shata
Sogeza kushoto hadi 900, upana uwe 4450 na urefu 3560. Anzia 200 kutoka juu, uishie 3760. Nyuma ya mtumbwi unapata 750. Lakini hapo maji ya kushoto yameanza tena kuzidi. Ziweke mbili pamoja, zipunguze ziwe ndogo kama kijipicha cha simu, uone ni ipi jicho linaanzia kwa mvuvi na kuishia kwenye jiwe. Kwangu mimi bado 1100.

Neema_Ilemela
Kwangu 900. Mvuvi anayeingia kwenye fremu anafaa kwenye ukurasa wa gazeti, mapokezini anahitaji maji nyuma yake.

Picha_Kirumba
Kesho nampelekea mteja zote mbili zikiwa kwenye karatasi ndogo, pamoja na swali la fremu. Akikataa kubadilisha fremu, itabidi nirudi kwa Neema anifundishe yale maji.